Sekunde Nne za Kaskazi: Namna Joto Linavyorefusha Pendulamu na Kuichelewesha Saa

Katika nyumba kadhaa za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja bado imetundikwa saa ya ukutani yenye pendulamu, na kwetu ipo moja iliyoachwa na babu. Kwa miaka mingi saa hiyo ilihesabiwa kuwa mbovu, kwa sababu kila ilipowekwa sawa wakati wa kipupwe na kwenda vizuri wiki baada ya wiki, kaskazi ilipoingia na joto kupanda ilianza kuchelewa kidogo kila siku, hata mwisho wa Februari ikawa nyuma kwa dakika kadhaa. Fundi aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, na mwaka uliofuata jambo likajirudia vilevile. Saa ile haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inafanya kile ambacho kila ufito wa madini hufanya ukipata joto, yaani kurefuka, na kiasi cha kuchelewa kwake kingeweza kujulikana kwa karatasi na kalamu kabla kaskazi haijaanza kuvuma.

Makala hii inaeleza hesabu hiyo kwa utaratibu. Wanafunzi wa skuli huipata katika somo la fizikia na mara nyingi huikosea, si kwa sababu ni ngumu, bali kwa sababu ndani yake mna mambo matatu yanayofungamana: urefu wa ufito, muda wa kila mbembeo, na idadi ya mibembeo katika siku nzima. Anayeyachanganya hupata jibu lililo maradufu ya lile la kweli, au huikuta saa inakimbia pale inapopasa kuchelewa.

Tuanze na pendulamu yenyewe. Ni ufito uliotundikwa juu kwa ukanda mwembamba wa chuma, na chini yake umebeba uzito, kwa kawaida bamba la mviringo, linaloshikiliwa na nati. Inafanana na timazi ya mwashi, isipokuwa mwashi huisubiri timazi yake itulie, na saa hutaka pendulamu yake isitulie kamwe. Kila inapokwenda upande mmoja huliruhusu gurudumu lenye meno kupiga hatua moja, na hatua hizo ndizo zinazosukuma mikono ya saa. Kwa hiyo saa haijui wakati. Inahesabu mibembeo tu. Ikiwa imetengenezwa ili kila mbembeo wa kwenda upande mmoja uchukue sekunde moja, basi itakapohesabu mibembeo 86,400 itaonyesha kwamba siku nzima imepita, hata kama kwa kweli haijapita au imeshapita.

Muda wa mbembeo hautegemei uzito uliotundikwa chini. Unategemea urefu wa pendulamu, ukipimwa kutoka mahali ilipotundikwa hadi katikati ya uzito ule, na nguvu ya mvutano wa dunia mahali saa ilipo. Kwa mvutano tulio nao hapa Unguja na Pemba, pendulamu ya sekunde moja kwa kila mbembeo inahitaji urefu wa takriban sentimita 99.1. Jambo la kushika ni kwamba muda haukui sawasawa na urefu, bali unakua kama kipeuo cha pili cha urefu. Ukitaka mbembeo uchukue muda maradufu, itakubidi uirefushe pendulamu mara nne. Na ukiirefusha maradufu, muda utaongezeka mara 1.41 tu.

Hapa ndipo inapotoka ile nusu ambayo wengi huisahau. Chukua namba 1.00005 uizidishe kwa yenyewe, utapata 1.0001000025. Ile 25 ya mwishoni ni ndogo mno, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kipeuo cha pili cha 1.0001 ni 1.00005. Maana yake ni kuwa urefu ukiongezeka kwa sehemu moja katika elfu kumi, muda wa mbembeo huongezeka kwa nusu ya sehemu hiyo. Kwa mabadiliko madogo kanuni hii ni sahihi kupita kiasi tunachoweza kukipima nyumbani, na mabadiliko yanayoletwa na joto ni madogo sana.

Sasa tuulize joto linarefusha kiasi gani. Kila madini yana kiwango chake cha kutanuka, nacho husomwa hivi: kwa kila uzi mmoja wa Selsiasi, urefu unaongezeka kwa sehemu fulani katika milioni. Shaba nyeupe, ile inayong'aa kwa manjano kama njumu za milango yetu, hurefuka kwa takriban sehemu 19 katika milioni. Chuma cha feleji hurefuka kwa takriban sehemu 12. Saa nyingi za zamani zina ufito wa mojawapo ya hayo mawili.

Tuseme saa yetu ina ufito wa shaba nyeupe na imewekwa sawa kabisa wakati wa kipupwe, chumba kikiwa na wastani wa nyuzi 25. Inakuja kaskazi, na wastani wa chumba, mchana na usiku kwa pamoja, unapanda hadi nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi 5. Ufito umerefuka kwa 19 mara 5, yaani sehemu 95 katika milioni, ambayo kwa pendulamu ya sentimita 99.1 ni chini kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita, karibu na unene wa unywele. Jicho haliwezi kuuona urefu huo. Muda wa mbembeo umeongezeka kwa nusu ya kiasi hicho, yaani sehemu 47.5 katika milioni, kwa hiyo mbembeo uliokuwa wa sekunde 1 sasa ni wa sekunde 1.0000475.

Tofauti hiyo ingekuwa si kitu kama ingetokea mara moja, lakini inatokea mchana kutwa na usiku kucha. Siku ya kweli ina sekunde 86,400, na mibembeo inayoingia ndani yake ni 86,400 kugawa kwa 1.0000475, yaani takriban 86,395.9. Saa imehesabu pungufu kwa mibembeo 4.1, na kwa kuwa kila mbembeo inauhesabu kuwa sekunde moja, imechelewa kwa sekunde 4.1 kwa siku. Kwa siku thelathini ni sekunde 123, yaani dakika mbili na sekunde tatu. Hesabu yote inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja:

```
sekunde kwa siku = 86400 × kiwango × tofauti_ya_joto ÷ 2
                 = 86400 × 0.000019 × 5 ÷ 2
                 = 4.1
```

Ingekuwa ufito ni wa feleji, mahali pa 0.000019 tungeweka 0.000012, na jibu lingekuwa sekunde 2.6 kwa siku. Kwa njia fupi ya kukumbuka, shaba nyeupe hupoteza takriban sekunde 0.82 kwa siku kwa kila uzi mmoja wa joto unaoongezeka, na feleji hupoteza takriban sekunde 0.52.

Angalia kwamba urefu wa pendulamu haumo katika mstari ule. Saa ndogo ya ukutani yenye pendulamu ya sentimita 25, ambayo hubembea mara mbili kwa sekunde, itachelewa kwa sekunde zilezile 4.1 kama ile ndefu, mradi ufito ni wa madini yaleyale na joto limebadilika kwa kiasi kilekile. Ukipimwa kwa milimita, ufito mfupi hurefuka kwa kiasi kidogo kuliko ule mrefu, lakini sehemu iliyoongezeka katika urefu wake ni ileile. Nimewaona wanafunzi wazuri wakisimama mbele ya swali la aina hii na kusema kwamba halijakamilika kwa sababu urefu haukutajwa. Swali limekamilika.

Kosa la pili ni la mwelekeo, nalo linastahili kuelezwa kwa utulivu. Muda wa mbembeo umekuwa mrefu zaidi, na neno «zaidi» humvuta mtu aseme saa inakwenda mbele. Dawa ni kurudi kwenye kuhesabu: mbembeo mrefu maana yake ni mibembeo michache ndani ya siku, na mibembeo michache maana yake ni saa inayoonyesha wakati uliopitwa. Joto likipanda saa inachelewa, joto likishuka saa inakimbia. Kosa la tatu ni kuipima tofauti ya joto kutoka sifuri. Tofauti inayotakiwa ni kutoka joto lile ambalo saa ilikuwa sahihi, hata kama ni nyuzi 27 na nusu, na kama joto hilo halijulikani, basi lazima litafutwe kwanza.

Kulitafuta si jambo gumu, na kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri zaidi ya mada hii, kwa sababu inaigeuza hesabu na kuifanya isome kutoka kwenye saa hadi kwenye madini. Kinachohitajika ni kipimajoto kilichotundikwa karibu na ufito, ikiwezekana ndani ya sanduku la saa lenyewe, pamoja na saa ya simu iliyounganishwa na mtandao. Usipime kwa siku moja, kwa maana jicho hukosea kwa sekunde moja kwa urahisi, na sekunde moja katika nne ni kosa kubwa. Pima kwa siku kumi bila kuigusa saa isipokuwa kuitia ufunguo, kisha gawa kwa kumi, na kosa la sekunde moja litabaki sehemu ya kumi ya sekunde kwa siku.

Tuseme mwezi wa Julai, kwa wastani wa nyuzi 25, saa imekwenda mbele kwa sekunde 16 katika siku kumi, yaani 1.6 kwa siku. Mwezi wa Februari, kwa wastani wa nyuzi 30, imebaki nyuma kwa sekunde 25 katika siku kumi, yaani 2.5 kwa siku. Nati haikuguswa kati ya vipimo hivyo viwili. Kutoka kukimbia 1.6 hadi kuchelewa 2.5, mwendo wa saa umebadilika kwa sekunde 4.1 kwa nyuzi 5, yaani 0.82 kwa kila uzi. Ili tujue ni joto gani linaloifanya iwe sahihi, tunagawa 1.6 kwa 0.82 na kupata takriban nyuzi 2, tunazijumlisha na 25, na jibu ni kwamba saa hii haichelewi wala haikimbii chumba kikiwa na nyuzi 27. Na ili tujue madini ya ufito, tunazidisha 0.82 kwa 2 na kugawa kwa 86,400, tunapata 0.000019. Ni shaba nyeupe, na tumeitambua bila kuukwangua ufito wala kuondoa rangi yake. Tungepata 0.52 kwa kila uzi, tungesema ni feleji.

Huenda msomaji akauliza mbona tunatumia wastani, wakati joto halikai mahali pamoja hata kwa saa moja. Tunaweza kufanya hivyo kwa sababu kuchelewa kunalingana moja kwa moja na tofauti ya joto. Iwapo saa iliyo sahihi kwa nyuzi 25 itakaa saa kumi na mbili kwenye nyuzi 33 na saa kumi na mbili nyingine kwenye nyuzi 27, mchana itapoteza nusu ya 0.82 mara 8, yaani sekunde 3.3, na usiku nusu ya 0.82 mara 2, yaani sekunde 0.8. Jumla ni 4.1, sawasawa na kama ingekaa kwenye nyuzi 30 siku nzima. Wastani lakini lazima uwe wa ufito wenyewe, si wa hewa ya sebuleni. Saa inayopigwa na jua la alasiri kupitia dirishani ina ufito wenye joto kuliko kipimajoto kilicho kivulini, na itaonekana kupoteza zaidi ya inavyopasa.

Kabla ya kuendelea ni vyema kutaja kisa kimoja cha kale, kwa kuwa kinaonyesha mipaka ya sababu hii. Mwaka 1672 mwanafalaki Jean Richer alitumwa na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kutoka Paris kwenda Cayenne, katika pwani ya Amerika ya Kusini, takriban nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Huko aligundua kwamba saa ya pendulamu inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, na ilibidi aifupishe pendulamu. Wapo waliosema ni joto la nchi za ikweta. Tukiijaribu hoja hiyo kwa hesabu yetu, sekunde 150 kugawa kwa 0.52 za ufito wa chuma ni karibu nyuzi 290, joto ambalo hakuna binadamu anayeweza kukaa nalo chumbani. Sababu kubwa ilikuwa mvutano wa dunia, ambao ni dhaifu zaidi karibu na ikweta, na Isaac Newton alikitumia kisa hicho kuonyesha kwamba dunia si tufe kamili. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, karibu umbali uleule upande wa pili. Saa iliyowekwa sawa London, kisha ikaletwa hapa bila kuguswa, ingechelewa kwa zaidi kidogo ya dakika mbili kwa siku kwa sababu ya mvutano peke yake. Hivyo mtu akiona saa mpya iliyotoka Ulaya inapoteza dakika na si sekunde, asilaumu kaskazi. Tofauti hiyo hurekebishwa mara moja tu, na haitarudi.

Kurekebisha hufanywa kwa nati iliyo chini ya uzito. Ukiipandisha, uzito unapanda, pendulamu inafupika na saa inakwenda kasi zaidi. Hapa sasa urefu una maana. Kwa pendulamu ya sentimita 99.1, milimita moja hubadilisha mwendo kwa takriban sekunde 44 kwa siku; kwa ile ya sentimita 25, milimita moja hubadilisha karibu dakika tatu. Ikiwa nati ya saa ndefu hupanda nusu milimita kwa kila mzunguko mmoja, basi kuondoa sekunde 4.1 za kaskazi kunahitaji chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya mzunguko. Wengi huizungusha mzunguko mzima, saa ikaanza kukimbia kwa sekunde kumi na nane kila siku, wakairudisha nyuma kupita kiasi, na mwishoni wakaamini kwamba saa haiaminiki. Njia ya busara ni kuweka alama ndogo ya penseli kwenye nati na kwenye uzito, kuzungusha kiasi kilichokokotolewa, na kusubiri siku kumi.

Kwa hali ya visiwa vyetu, unyevu nao lazima uangaliwe. Ufito wa mbao hutanuka kwa joto kidogo kuliko feleji ukipimwa kwa urefu wa nyuzi za mbao, na ndiyo maana mafundi waliupenda. Lakini mbao hunywa maji ya hewani, na wakati wa masika ufito usiopakwa vanishi vizuri unaweza kurefuka kwa unyevu. Njia ya kutofautisha ni kutazama majira. Ikiwa kuchelewa kunafuata kipimajoto, kukiongezeka Februari na kupungua Julai, chanzo ni joto. Ikiwa saa inachelewa Aprili na Mei, mvua zikinyesha na joto likiwa limeanza kushuka, chanzo ni unyevu. Na ikiwa mwendo unabadilika siku hadi siku bila mpango, au saa ikabaki na mwendo wake mpya hata baada ya joto kurudi lilipokuwa, basi hapo ndipo fundi anapohitajika, kwa sababu ni mafuta yaliyoganda, chumvi ya bahari iliyoula ukanda wa juu, au saa haijasimama wima ukutani.

Wapo waliotaka kuiondoa kazi ya kuzungusha nati kila majira. Katika miaka ya 1720, Mwingereza George Graham aliweka chupa ya zebaki chini ya pendulamu, ili joto linaporefusha ufito kushuka chini, zebaki itanuke kupanda juu na katikati ya uzito ibaki mahali pake. Katika miaka hiyohiyo John Harrison alipanga fito za shaba nyeupe na za chuma sambamba, moja ikisukuma chini na nyingine ikisukuma juu. Kwa viwango tulivyovitumia, urefu wa feleji unaoshuka lazima uzidi urefu wa shaba unaopanda kwa uwiano wa 19 kwa 12, na ili tofauti yao iwe sentimita 99.1 unahitaji takriban sentimita 269 za feleji na 170 za shaba. Ndiyo sababu fito hukunjwa kwa kupangwa kando kwa kando hadi zikafanana na wavu wa dirisha. Mwaka 1896, mwaka uleule ambao Kasri la Unguja lilipigwa mizinga na Waingereza, Charles Édouard Guillaume aligundua mchanganyiko wa chuma na nikeli uitwao invari, unaotanuka kwa sehemu moja hivi tu katika milioni kwa kila uzi, na mwaka 1920 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Ufito wa invari kwa zile nyuzi 5 za kaskazi hupoteza takriban robo ya sekunde kwa siku.

Saa ya babu haina zebaki wala invari. Nati yake sasa ina alama mbili za penseli, moja ya kipupwe na moja ya kaskazi, na kati yake kuna chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya mzunguko.